Kuweka APK ya kubeti bila kumkabidhi mtu simu yako

Simu nyingi ninazoletewa hapa Kariakoo kwa kuwa "zinajiendesha zenyewe" zilianza na faili lililotumwa kwenye grupu la WhatsApp, likiahidi mikeka ya uhakika. Kuweka APK, yaani faili la kusakinishia programu, kutoka nje ya Play Store si kosa, maana kampuni kadhaa za kubeti huiweka kwenye tovuti zao. Cha kuangalia ni limetoka wapi na linaomba nini.

1. Anza na kampuni. Hakikisha ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kisha andika mwenyewe anwani ya tovuti yake kwenye Chrome. Linki ya grupu iache, hata nembo ikiwa ileile.

2. Fungua mlango mmoja tu. Kuanzia Android 8, ruhusa ya `Install unknown apps` hutolewa kwa kila programu kivyake. Ipe Chrome, weka APK, kisha rudi uizime. WhatsApp usiipe kabisa. Na ukiambiwa uzime Play Protect, ulinzi wa Google unaokagua programu, ndipo faili likubali, lifute hapohapo.

3. Kabla ya kuifungua, soma ruhusa. Bonyeza alama yake kwa muda, ingia `App info`, halafu `Permissions`. Hata ambazo hujazikubali utazikuta chini ya `Not allowed`. Ukiona SMS, jiulize ya nini. Namba ya uthibitisho si unaweza kuiandika mwenyewe?

Kijana mmoja wa bodaboda alikuja na programu iliyotaka SMS na `Accessibility`. Android 13 yake ilikuwa imeikatalia hiyo ya pili kwa ujumbe wa `Restricted setting`, ila programu ikamwelekeza hatua kwa hatua namna ya kuukwepa, naye akafuata. `Accessibility` inasoma kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. SMS inanasa namba za siri za benki zinapoingia. Mwenye hizo mbili hahitaji kukuibia simu.

4. Toleo jipya liweke juu ya la zamani. Simu ikisema `App not installed` kwa sababu ya kugongana na iliyopo, mara nyingi sahihi ya mtengenezaji ni tofauti. Usiondoe ya zamani ili faili hilo lipite.

5. Kama programu mbaya imeshaingia. Washa `Airplane mode` na uzime Wi-Fi. Iondolee `Accessibility`, iondoe kwenye `Device admin apps`, ndipo uifute. Ukurasa wa mipangilio ukijifunga kila ukiufungua, washa simu kwa `Safe mode`: kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kuzimia, kisha unabonyeza `Power off` kwa muda. Nywila za benki na barua pepe zibadilishe ukitumia simu nyingine, na laini ihamishie huko kabla ya kubadilisha PIN ya pesa. Ikigoma kufutika hata hapo, hamisha picha zako tu, kisha uirudishe simu kwenye hali ya kiwandani.