Kuomba kazi ya uchangishaji: panga hesabu kabla ya kuandika wasifu

Mwaka juzi niliketi kwenye jopo la usaili hapa Arusha, shirika likitafuta ofisa wa ruzuku. Dada mmoja kutoka Moshi alikuwa ameandika juu kabisa ya wasifu wake: "Nimechangisha shilingi milioni 640 ndani ya miaka mitatu." Mhasibu akamuuliza kwa upole, "Dada, hizi ziliingia benki lini?" Kimya. Kumbe milioni 640 ni jumla ya alizoomba kwenye maandiko yote ya kuomba ufadhili aliyopeleka. Hakuwa mwongo, ila hakuna aliyekuwa amemwonyesha namna ya kuhesabu.

Kwa hiyo, ukiona tangazo la kazi hii, usikimbilie barua ya maombi. Chukua daftari uorodheshe kila andiko ulilopeleka kwa miaka mitatu: mfadhili, tarehe, kiasi ulichoomba, kilichoidhinishwa, kilichokwisha kuingia, na kazi uliyofanya wewe. Mihtasari ya kurasa mbili iweke kando, maana hiyo ni kubisha hodi tu, haihesabiwi pamoja na andiko kamili.

Tumchukue dada yule. Alipeleka maandiko 14. Matano yalikubaliwa, sita yakakataliwa, matatu yalikuwa hayajajibiwa. Kiwango cha mafanikio hupatikana kwa yaliyojibiwa peke yake, yaani 5 kwa 11, ambayo ni asilimia 45. Ukigawa kwa 14 unajipunja, kwa sababu yanayosubiri hayajashindwa. Lakini mawili kati ya yale matano yalikuwa ya mfadhili wa zamani aliyeongeza mkataba, na mwenye uzoefu atauliza hilo mapema. Ukiyatoa, kwa wafadhili wapya alipata 3 kwa 9, yaani asilimia 33. Andika zote mbili. Binafsi nikiona asilimia 90 bila maelezo huwa nashuku: ama mtu anahesabu mikataba inayojirudia, ama ameficha yaliyokataliwa.

Upande wa fedha, mikataba ile mitano ilikuwa ya milioni 210, na hadi anaomba kazi zilikuwa zimeingia milioni 165. Zilizobaki zilikuwa awamu za mbele, ambazo mfadhili hutoa akishapokea ripoti. Tena maandiko aliyoyaongoza yeye ni matatu, ya milioni 120, na kwenye mawili alitengeneza bajeti tu. Sentensi yake basi ingesomeka hivi: "Niliongoza maandiko 3 yaliyoleta mikataba ya shilingi milioni 120, nilitayarisha bajeti za mengine 2 ya milioni 90." Ni ndogo kuliko 640, lakini inasimama ikiguswa. Fedha ya kigeni iache kwa sarafu ya mkataba. Ukibadili dola za zamani kwa bei ya leo, tarakimu hazitalingana na vitabu vya hesabu.

Na vitabu hivyo vinaweza kuangaliwa. Kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika lisilo la kiserikali liwasilishe Hazina na kwa Msajili mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20, na kuutangazia umma fedha hizo. Anayetaka kukuhakiki ana pa kuanzia.

Kampeni zina mtego wao, hasa harambee. Sote tunajua mambo ya ukumbini: mtu anasimama, anaahidi milioni mbili, anapigiwa vigelegele, halafu simu haipokelewi hadi Krismasi. Harambee iliyopata ahadi za milioni 52, ikakusanya 38 na kutumia 9 kwa ukumbi, chakula na matangazo, imeleta milioni 29. Taja ahadi na makusanyo kwa pamoja, kwani kufuatilia ahadi ndiyo kazi yenyewe, na mwajiri anataka kujua kama unaiweza.

Kwa wachangiaji, idadi tupu haisemi kitu. Kama waliochangia 2023 walikuwa 180, na 72 kati yao wakachangia tena 2024, andika kwamba asilimia 40 walirudi. Majina na namba zao za simu usiyaweke, hata kama ni watu wakubwa mjini. Wachangiaji ni wa shirika, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. "Mchangiaji binafsi, mfanyabiashara wa utalii" inatosha.

Hayo yote yaingie nusu ukurasa chini ya kila kazi uliyofanya. Elimu na semina zifuate kwa ufupi. Hifadhi kwa PDF, ipe faili jina lako na jina la nafasi, utume kwa njia iliyotajwa kwenye tangazo.

Kabla ya kutuma, mpigie mhasibu wa ofisi yako ya zamani umsomee tarakimu zako. Akisema "hapo kwenye 165 angalia tena," angalia tena, kwa sababu ndiye atakayepigiwa simu.