Bajeti ya wodi ya wazazi: anza na waliopokelewa, si waliojifungua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa siku mbili na mkunga kiongozi wa kituo kimoja cha afya wilayani Newala, ambaye vifaa vyake vilikuwa vikiisha kabla ya robo mwaka kumalizika.

Hatua ya 1: Idadi ya uzazi. Chukua Kitabu cha MTUHA namba 12 uhesabu miezi 12 iliyopita, mstari kwa mstari, kwa kalamu na karatasi. Mimi siamini jumla zilizokwisha kuandikwa chini ya kurasa. Kwake tulipata akina mama 480 waliojifungua kituoni na 60 waliopewa rufaa kabla ya kujifungua, yaani 540 waliopokelewa.

Hatua ya 2: Vifaa. Glavu, kanula na maji ya mishipa vizidishe kwa 540, kwa kuwa hata anayeondoka kwa rufaa amekwisha kupimwa na kutundikiwa dripu. Vibana kitovu na oksitosini ya kuzuia damu kumwagika hesabu kwa 480, ampuli moja ya yuniti 10 kwa kila mama. Kisha ongeza oksitosini ya kutibu wanaotokwa damu nyingi: tuliweka akina mama 24, ampuli 4 kila mmoja, ambazo ni 96, hivyo jumla ikawa 576. Agizo lisizidi nafasi ya jokofu, kwa sababu dawa hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8.

Hatua ya 3: Rufaa na usiku. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima, kwa sababu niliviandika kama vifungu viwili visivyohusiana. Rufaa za mwaka zilikuwa 72, yaani wale 60 pamoja na 12 waliopelekwa baada ya kujifungua. Hospitali ipo kilomita 60, na gari hurudi hata kama halina mgonjwa, kwa hiyo kila safari ni kilomita 120 na mwaka mzima ni 8,640. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 6 litahitaji lita 1,440. Kiwango hicho kipime kwenye daftari la safari za masika, wakati barabara za kuteremka kutoka uwanda wa Makonde zina tope, wala usikubali kile cha kiangazi.

Sasa angalia saa za kuondoka. Safari 36 kati ya 72 zilikuwa za usiku, na kila safari ilimchukua mkunga mmoja wa kumsindikiza mama. Zamu ya wakunga wawili inabaki na mmoja, naye akipata mama anayetokwa damu na mwingine anayesukuma, hana wa kumwita. Kwa hiyo, pamoja na zamu 730 za usiku, tuliweka posho ya kuitwa kazini mara 36, kwa mkunga anayeishi karibu na kituo, na fedha ya simu ya kumwita.

Hatua ya 4: Mgawanyo. Usigawe kwa 12. Wastani wake ulikuwa akina mama 45 waliopokelewa kwa mwezi, lakini mwezi mmoja walifika 63. Akiba ya kuanzia kila robo ipimwe kwa mwezi huo.