Usiuhesabu Ukuta Kuwa Maji: Kupima Ujazo wa Tanki la Matofali kwa Nje

Kila ifikapo Agosti napigiwa simu za aina moja: "Bwana shamba, njoo uone, tanki langu linavuja." Nikifika, mara nyingi nakuta chini ya tanki ni pakavu kabisa. Hakuna majani mabichi yaliyoota kando ya msingi, hakuna michirizi myeupe ya chumvi kwenye ukuta, wala unyevu kwenye maungio ya matofali. Tanki ni zima. Kilichokosewa ni hesabu, na imekosewa tangu Aprili, siku mwenye tanki alipopima kwa nje na kuandika lita ambazo hazikuwahi kuwemo.

Kosa lenyewe ni hili: watu wanapima mzingo wa nje, wanapima kimo kuanzia ardhini mpaka juu kabisa, kisha wanazidisha. Kwa kufanya hivyo wameuhesabu ukuta wa matofali kuwa maji, wameihesabu na nafasi iliyo juu ya bomba la kumwagia ziada ambayo maji hayafiki, tena na maji ya chini ya koki ambayo hayatoki. Kwenye tanki la plastiki kosa la ukuta ni dogo, maana ukuta wake una unene wa milimita chache tu. Kwenye tanki la bloku makosa haya matatu kwa pamoja yanaweza kula karibu nusu ya hesabu yako.

Nitaeleza kwa tanki moja nililolipima upya, la mama mmoja huku Chamwino. Ni la bloku za inchi 6, limefunikwa kwa zege, na linavuna maji ya paa. Kijana wake alilipima kwa nje akapata mzingo wa mita 10.00 na kimo cha mita 2.30. Hesabu ikampa lita 18,300. Nyumba ile hutumia ndoo 5 za lita 20 kwa siku, 3 za ng'ombe na 2 za vitalu vya mchicha, yaani lita 100. Kwa hiyo wakapanga: tukianza kuchota tarehe 1 Mei, maji yatatufikisha mwisho wa Oktoba, na Novemba tutanunua. Tarehe 11 Agosti koki ikaanza kutoa hewa. Nilipofika, fundi alishaitwa na mifuko ya saruji ilishanunuliwa ili kubandua lipu yote ya ndani na kuipiga upya.

"Mama, shikamoo. Ukuta huu una unene gani?"

"Marahaba. Si tofali la inchi 6, bwana shamba?"

"Na lipu je?"

Hapo akamtazama fundi. Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyeliuliza Aprili.

Bloku ya inchi 6 ina sentimita 15. Ndani ya tanki hupigwa lipu nzito ya kuzuia maji, na hapa fundi alikiri kupiga sentimita 3. Nje alipiga sentimita 2. Jumla ya unene wa ukuta ni sentimita 20, yaani mita 0.20. Usikisie unene huu kwa macho. Kama fundi aliyejenga hayupo, tumia bomba la kumwagia ziada: chukua waya mgumu, ukunje ncha yake kama ndoana fupi, uuingize kwenye bomba mpaka ndoana inase mdomo wa bomba kwa ndani. Weka alama kwenye waya pale bomba linapoishia kwa nje, uutoe, upime kutoka alama hadi ndoana, kisha toa urefu wa kipande cha bomba kilichojitokeza nje ya ukuta. Njia hii inakubali tu kama bomba kwa ndani limekatwa sawa na ukuta. Likijitokeza na ndani, itakudanganya ukuta ni mnene kuliko ulivyo, na afadhali urudi kwenye ukubwa wa bloku na lipu.

Sasa mzingo. Kamba ya nailoni inavutika na kamba ya katani hubadilika ikilowa, kwa hiyo mimi natumia waya wa kufungia nondo, ule mwembamba. Uzungushe ukutani kati ya msingi na mkanda wa juu, kwa sababu msingi na mkanda kwa kawaida vimejitokeza kuliko ukuta wenyewe. Anayekusaidia azunguke tanki lote akihakikisha waya haujapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, wala haujapita juu ya bomba au koki. Kata pale unapokutana, unyooshe chini, ndipo upime kwa futi. Rudia mahali pengine pawili, juu kidogo na chini kidogo, uchukue wastani. Naomba msinichoke kwa hili: ukikosea sentimita 10 tu kwenye tanki la ukubwa huu, umekosea zaidi ya lita 230, kwa sababu mzingo unazidishwa kwa wenyewe na kosa nalo linakuwa karibu maradufu.

Ukishapata mzingo wa nje, uubadilishe kuwa wa ndani kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Zidisha unene wa ukuta kwa 6.28, kisha toa jibu kwenye mzingo wa nje. Namba 6.28 ni mara mbili ya 3.14, na hiyo mara mbili ndiyo wengi wanayoisahau. Ukiukata mche duara katikati, unakutana na ukuta upande huu na unakutana nao tena upande wa pili. Wapo wanaojua kwamba ukuta unatolewa, lakini wanautoa mara moja. Kwa tanki la mama huyu, kuutoa mara moja kungeacha lita 1,550 za uongo, ambazo kwa matumizi yake ni maji ya siku 15.

Kwa hiyo: 0.20 × 6.28 ni 1.26. Mita 10.00 ukitoa 1.26 inabaki 8.74. Huo ndio mzingo wa maji yenyewe. Uzidishe kwa wenyewe, 8.74 × 8.74, upate 76.39. Gawanya kwa 12.57, ambayo ni pai mara 4, upate 6.08. Hizo ni mita za mraba za sakafu ya ndani, na hujaingia ndani wala kutafuta kipenyo. Yule kijana alipotumia mzingo wa nje alipata 7.96. Tofauti hiyo yote ni tofali.

Kimo nacho kina ubishi wake. Watu wanapenda kupima tanki kuanzia chini mpaka kwenye mfuniko kwa sababu ndivyo jicho linavyoliona. Maji hayaoni hivyo. Juu yanaishia kwenye ukingo wa chini wa bomba la kumwagia ziada, na chini yanaacha kutoka yakifika usawa wa koki. Pima hapo tu: kutoka ukingo wa chini wa tundu la ziada, teremka wima kwa timazi, mpaka usawa wa koki. Usipime kwa kulaza futi kwenye mshazari. Koki ya mama huyu iko sentimita 45 juu ya ardhi ili ndoo iingie chini yake, na bomba la ziada liko mita 2.15. Kimo cha maji yanayochoteka ni mita 1.70, na si 2.30.

Zidisha 6.077 kwa 1.70 (hapa nimerudisha tarakimu nilizokuwa nimezifupisha), unapata mita za ujazo 10.33. Kila mita ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo tanki lina lita 10,330 za kuchota. Gawanya kwa lita 100 kwa siku: siku 103. Hesabu kutoka tarehe 1 Mei utaangukia tarehe 11 Agosti, siku ileile koki ilipotoa hewa. Saruji ilirudishwa dukani.

Kupima huku kufanyike Aprili, wiki moja kabla ya kuamua utamwagilia vitalu vingapi. Ukisubiri tanki likauke ndipo upime, umepima kwa ajili ya majuto. Na mkipima, andikeni namba tatu kwa rangi ukutani: unene, mzingo wa ndani, na kimo cha kuchota. Nimekuta familia zinazopima upya kila mwaka, na kila mwaka zinapata jibu tofauti.

Njia ya kujua kama hesabu imekaa sawa ipo, tena ya nje: funga mpira wa levo wa fundi, ule unaoonyesha maji, kwenye koki, uunyanyue wima ukutani, weka alama maji yanaposimama, chota ndoo 30 kupitia koki hiyohiyo, kisha uufunge tena na utazame, kwa tanki hili maji yashuke karibu sentimita 10, na yakishuka hivyo umepatia.

Yapo matanki ambayo njia hii haiyawezi bila kurekebishwa. Tanki lililozikwa nusu ardhini lina sakafu usiyoiona, na kama koki yake iko kwenye shimo la ngazi, kimo ukipime kutoka kwenye koki ile kule shimoni. Tanki ambalo ukuta wake ni mnene chini na mwembamba juu linahitaji unene wa mahali pawili, utumie wastani. Na lile la plastiki lenye mikunjo, waya uzungushwe ndani ya bonde la mkunjo, siyo juu ya mgongo wake. Hapo unene unaweza kuuacha, lakini kimo cha koki na cha bomba la ziada usikiache, kwa sababu hata lita zilizoandikwa ubavuni na kiwanda hazijui koki yako umeifunga wapi.

Mama wa Chamwino tumempangia upya. Akitaka maji yafike mwisho wa Oktoba kuanzia tarehe 1 Mei ni siku 184, na lita 10,330 kwa siku hizo ni lita 56 kwa siku, hazitimii ndoo 3. Ng'ombe sasa ananyweshwa lamboni asubuhi mpaka lambo likauke, na vitalu vya mchicha vimepungua kutoka vinne hadi viwili.