Jinsi ya kupanga kiasi cha bima ya nyumba ili fidia isikatwe

Moto ukiunguza jiko la nyumba yenye bima, kampuni humtuma mkadiriaji wa hasara. Atapima jiko, atahesabu mabati yaliyopinda na mbao zilizoungua, kisha atatoka nje na futi yake na kuizunguka nyumba yote, hata upande ambao haukuguswa na moshi. Wenye nyumba wengi hushangaa hapo: chumba cha kulala kizima kinapimwa cha nini? Anatafuta nyumba nzima ingegharimu kiasi gani kuijenga upya leo, ili alinganishe na kiasi ulichoandika kwenye fomu ya bima. Kiasi hicho kikiwa kidogo, fidia ya jiko nayo inapungua, ingawa jiko lenyewe halikaribii hata robo ya kiasi ulichokatia bima.

Kwanza, elewa kwa nini wanakuuliza kiasi

Kiasi cha bima ndicho kikomo cha juu ambacho kampuni inaweza kukulipa. Ndicho pia kinachozidishwa kwa kiwango cha asilimia ili kupata ada yako ya mwaka. Kwa nyumba ya kawaida ya kuishi, mara nyingi kampuni haitumi mtu kuithamini. Inakubali namba uliyotaja, na dhamana ya usahihi wake inabaki kwako.

Moto mwingi hauteketezi nyumba yote. Unaishia jikoni, darini au chumba kimoja. Sasa chukua majirani wawili wa Rau, Moshi, wenye nyumba zinazolingana. Mmoja amekata bima ya thamani kamili, mwingine ya nusu, kwa hiyo analipa nusu ya ada. Wote wakiunguza jiko la milioni 20 na wote wakalipwa milioni 20, huyu wa kwanza atakuwa amemlipia mwenzake. Ndiyo maana mikataba mingi ya bima ya moto ina sharti la uwiano: aliyekata bima ya nusu ya thamani anahesabiwa kuwa nusu iliyobaki anajibebea mwenyewe, katika kila hasara, kubwa kwa ndogo.

Hatua ya 1: Weka pembeni bei ya kuuzia nyumba

Bei ya soko ina kiwanja ndani yake. Kiwanja cha Shanty Town hapa Moshi, au cha Njiro kule Arusha, kinaweza kuwa sehemu kubwa ya bei, na kiwanja hakiungui. Kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya nyumba ileile, mahali palepale, kwa bei za sasa. Vilevile usitumie deni la benki. Ukikopa milioni 60 kwa dhamana ya nyumba ya milioni 150, bima ya milioni 60 inaitosha benki, lakini wewe inakuacha na bima pungufu. Kama bima ilikatwa kupitia mkopo, fungua hati uone ni namba gani iliyoandikwa.

Hatua ya 2: Pima, kisha zidisha

Pima urefu na upana kwa nje ya kuta, baraza lililoezekwa likiwemo. Tuseme umepata mita za mraba 150.

Halafu tafuta gharama ya mita moja ya mraba, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukimuuliza fundi, huenda akakutajia bei ya kufikisha boma, yaani kuta bila paa. Wewe unahitaji bei ya nyumba iliyokamilika: msingi, boma, kupaua, dari la jipsamu, madirisha ya alumini na grili zake, vigae, nyaya za umeme, mabomba, rangi. Mkadiriaji majenzi ndiye wa kukupa namba unayoweza kuitetea. Bei ya mjini nayo usiipeleke mlimani bila kuirekebisha, kwa kuwa lori la mchanga linalopanda Kibosho au Marangu haliwezi kuwa na bei moja na linaloshusha Pasua.

Kwa mfano wetu tuchukue shilingi 800,000 kwa mita ya mraba. Hii ni namba ya kufanyia hesabu tu. Tafuta ya nyumba yako. Mara 150, tunapata milioni 120.

Hatua ya 3: Ongeza vinavyosahaulika

Uzio, geti, stoo ya nje, tangi la maji na mnara wake: tuseme milioni 16. Jumla milioni 136. Kisha kuna gharama zinazokuja kabla ya tofali la kwanza: kubomoa kuta zilizopasuka kwa moto, kuzoa kifusi, kumlipa msanifu, kupata kibali. Tukiziweka kuwa asilimia 10, ni milioni 13.6. Tunafika milioni 149.6, andika milioni 150.

Vyombo na samani havimo humo. Vina kiasi chake peke yake, na uwiano wake unahesabiwa peke yake.

Hatua ya 4: Jaribu hesabu ya fidia kabla ya kusaini

Kiasi kikiwa chini ya thamani halisi, yaani gharama ya kujenga upya, kanuni ni hii:

```
fidia = hasara × kiasi cha bima ÷ thamani halisi
```

Tuseme mwenye nyumba aliandika milioni 90, kwa sababu ndizo alizotumia kujenga miaka kadhaa iliyopita. Mpira wa gesi umevuja, jiko limeungua pamoja na dari na kipande cha paa, hasara milioni 20.

Milioni 90 kwa 150 ni asilimia 60. Milioni 20 zinageuka milioni 12. Kama mkataba unamtaka mwenye bima abebe shilingi 500,000 za mwanzo, kwa kawaida zinatolewa baada ya uwiano, naye anapokea milioni 11.5. Milioni 8.5 anazitafuta mwenyewe, huku paa likiwa wazi.

Alichookoa ni kidogo mno. Kwa kiwango cha mfano cha asilimia 0.2, ada ya milioni 90 ni shilingi 180,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na ya milioni 150 ni 300,000. Tofauti ni 120,000. Kuzidisha kiasi kupita thamani nako hakufai: kampuni inafidia hasara iliyotokea, ile ada ya ziada haikurudishii kitu.

Hatua ya 5: Uliza maswali mawili kwa maandishi

Muulize wakala: je, sharti la uwiano lina nafuu? Baadhi ya mikataba haikati fidia kama kiasi chako kimefika asilimia 85 ya thamani. Pili, thamani inapimwa kwa bei za siku gani? Kwa kawaida ni za siku ya hasara au za wakati wa kujenga upya. Kwa hiyo namba iliyokuwa sahihi ulipokata bima inapitwa kila saruji, nondo na bati vinapopanda. Irudie hesabu kila unapohuisha bima, na mjulishe wakala mara tu unapoongeza vyumba vya kupangisha uani.

Ukikatwa tayari

Omba hesabu ya mkadiriaji wa hasara na uikague mstari kwa mstari. Angalia kama mita za mraba ni sahihi, kama bei aliyotumia inalingana na nyumba yako, na kama hakuingiza kiwanja. Kagua hasa uzio na majengo ya nje: kama hayamo kwenye hati yako hayalipwi, lakini pia hayapaswi kuhesabiwa kwenye thamani. Katika mfano wetu, uzio, geti, stoo na tangi vikiwa nje ya hati, thamani inashuka hadi milioni 132 pamoja na ile asilimia 10, uwiano unapanda hadi asilimia 68, na fidia kabla ya makato inakuwa karibu milioni 13.6. Peleka pingamizi kwa kampuni kwa barua, ukiambatisha makadirio ya mkadiriaji majenzi wako. Wakishikilia msimamo, lalamiko linapelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usisaini hati ya kukubali malipo kuwa ya mwisho kabla ya hapo.