Wakala wa pesa za simu, mweleze mpita njia ndani ya sekunde 30

Jioni pale Mbagala Rangi Tatu mtu akishuka kwenye daladala hana muda wa kukusikiliza. Ukimwambia "huduma ni salama na ya haraka" ameshapita, maana hata tapeli husema hivyo hivyo. Mweleze atakachokiona kwenye simu yake mwenyewe. Hapo anaweza kukupima.

Hatua ya 1: Angalia ulichonacho kabla hujafungua mdomo. Anayetoa pesa anahitaji keshi yako, anayeweka anahitaji floti yako. Kama asubuhi una floti nyingi na droo tupu, usinadi kutoa. Taja mitandao uliyo na uhakika nayo saa hiyo tu. Mtu ukimsimamisha halafu ukamwambia "subiri nikatafute keshi", kesho anapita upande wa pili wa barabara.

Hatua ya 2: Bandika jina la laini. Hapa ndipo mawakala wengi wanapoteza wateja bila kujua. Bango linasema jina la duka, lakini mteja akiingiza namba ya wakala, simu inamletea jina lililosajiliwa kwenye laini, labda la shemeji yako aliyefungua biashara. Mteja makini anasita, na ana haki. Andika namba ya wakala na jina la usajili kwa herufi kubwa, kila mtandao na jina lake, mahali anapoweza kusoma akiwa amesimama nje ya dirisha.

Hatua ya 3: Salamu kwanza, kisha nyamaza kidogo. Mtu mzima ni "shikamoo mama" au "shikamoo mzee", wa rika lako ni "habari dada" au "mambo vipi kaka". Akiitikia huku anatembea, mwache aende. Akipunguza mwendo, anza.

Hatua ya 4: Maneno yenyewe.

"Karibu mama, hapa unatoa na kuweka pesa. Ukitoa, unabonyeza mwenyewe kwenye simu yako. Litatokea jina hili hapa nililobandika. Ukiliona ndiyo uweke namba ya siri. Mimi siiulizi, na simu yako siishiki. Ujumbe ukiingia kwako na kwangu, nakuhesabia pesa hapa hapa. Makato yanatoka kwenye simu, mimi hunipi kitu. Na kuweka ni bure. Unatoa au unaweka?"

Jipime kwa saa ya simu. Kwa mwendo wa kawaida unamaliza kabla ya sekunde 30. Ukizidi, kata sentensi ya kuweka. Ile ya namba ya siri usiiguse kabisa. Swali la mwisho nalo libaki: ukimalizia na "karibu sana" atasema asante na kuondoka.

Hatua ya 5: Fanya ulichosema. Tuseme dada amesimama, anataka kutoa 50,000 kwa M-Pesa. Anabonyeza `*150*00#`, anachagua kutoa pesa, anaingiza namba yako na kiasi. Jina likitokea, mwonyeshe kwa kidole ulipolibandika, kisha geuza uso pembeni anapoweka namba ya siri. Kugeuka huko kunaaminisha kuliko maneno yote uliyosema. Ujumbe wako ukiingia, soma kiasi, hakikisha floti imeongezeka kweli, andika kwenye daftari, hesabu noti mbele yake. Usilipe kwa kuonyeshwa ujumbe wa kwenye simu ya mteja peke yake. Ujumbe unaweza kutungwa, salio lako halitungiki.

Kama ujumbe haujafika, usimwambie arudie. Muamala wa kwanza unaweza kuwa umepita, akirudia anakatwa mara mbili. Yeye aangalie salio lake, wewe angalia lako. Pesa ikiwa haijatoka kwake, hapo anaweza kurudia. Ikiwa imetoka kwake na kwako haijaingia, pigeni huduma kwa wateja akiwa bado amesimama hapo. Siku mtandao unasumbua, achana na kunadi kabisa. Anayekuja mwenyewe mwambie ukweli kabla hajabonyeza.

Wapo watakaokujibu, "mimi nimeshatapeliwa na ile pesa tuma kwenye namba hii." Usibishane naye wala usianze hotuba. Mwambie ujumbe wa namna hiyo anautuma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, na kabla ya kumtumia mtu yeyote asome jina linalotokea. Mama mmoja niliyemwambia hivyo hakutoa hata shilingi siku hiyo. Alinipa simu niandike ile 15040, nikamwambia nitamtajia, aandike mwenyewe. Akacheka, akaandika.