Dabo ya dakika 80: panga kuanzia kengele ya mwisho

Kwa muda mrefu dabo zangu za Kiswahili hapa Mombasa ziliisha vilevile: nimeeleza ufupisho ubaoni mpaka kengele ikalia, na kidato cha tatu wakaondoka na zoezi ambalo hawakulijaribu mbele yangu. Kesho yake nilipokea jibu moja lililonakiliwa katika madaftari kumi. Sasa napanga kinyumenyume. Tuchukue dabo ya saa 2:00 hadi 3:20 asubuhi.

Hatua ya 1: Weka mpaka. Andalio la somo lianze kuandikwa kutoka chini. Saa 3:10 hadi 3:20 ni kusahihisha. Saa 2:40 hadi 3:10 kila mwanafunzi anaandika peke yake. Saa 2:40 ndipo kipindi cha kwanza kinapokwisha, na kwingi kengele hulia. Ikilia, mwalimu ananyamaza hata kama hajamaliza.

Hatua ya 2: Tumia kifungu kimoja. Muda mwingi hupotea pale mfano wa mwalimu unapotoka kifungu kimoja na zoezi likatoka kingine, kwani darasa linaanza kusoma upya. Mimi huchagua kifungu cha aya nne, tuseme kuhusu msongamano katika kivuko cha Likoni, na nakala huwa mezani kabla hawajaingia. Wanasoma kimya dakika tano. Hadi saa 2:20 nashughulikia aya ya kwanza, nikiwaza kwa sauti: abiria kuchelewa kazini ni hoja, muuza kahawa aliyemwagikiwa na birika lake ni mfano tu, tunamwacha. Aya ya pili wanaifanya wawili wawili hadi saa 2:35. Aya ya tatu na ya nne hatuzigusi. Hizo ni zao.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kengele. Usiulize “Mmeelewa?”, maana wataitikia kwa pamoja. Kila mmoja aandike hoja moja ya aya ya pili, nawe upite kati ya madawati ukisoma. Wachache wakiandika mifano badala ya hoja, waite mbele mfanye pamoja aya ya tatu kwa dakika kumi, wenzao wakiendelea. Ikiwa ni zaidi ya nusu, ifanyeni nyote aya ya tatu kwa dakika hizo kumi. Aya ya nne ibaki ya mtu binafsi. Bado kuna dakika 20.

Hatua ya 4: Waache waandike. Wanaandika Matayarisho, kisha Jibu. Kufikia saa 2:55, ambaye hajaanza Jibu kwa kawaida ananakili sentensi nzima za kifungu. Mwonyeshe hoja moja, umwambie aifunike karatasi na kuiandika kwa maneno yake, kisha usogee.

Gwaride likichelewa mkaanza saa 2:10, punguza dakika tano kwako na tano kwa kazi ya wawili wawili. Saa 2:40 haisogei.