Ujumbe wa kumwandikia shangazi: auelewe bila kumpa mtu simu

Kutuma pesa nyumbani mnakujua, sina la kuwafundisha. Chagua kampuni, andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, ongeza ya kutolea, maliza. Ninachotaka tukiongee ni ule ujumbe unaomwandikia mzee baada ya kutuma, maana hapo ndipo mimi niliumia.

Mzee akipata ujumbe asioweza kuusoma hauachi. Anauchukua mpaka dukani, anamkabidhi kijana simu na kumwambia, "Hebu nisomee, mwanangu kaniandikia nini?" Kuanzia hapo kijana anajua pesa zinaingia, anajua ni kiasi gani, na simu iko mkononi mwake. Mtu akishapewa simu asome, hatua ya kumwomba pia akutolee ni fupi sana.

Shangazi yangu yuko Tanga, ana simu ya kitochi, na alijifunza meseji ukubwani. Nilimwandikia hivi kutoka Hamburg:

```
Shkmo shngz, nmekutumia 400k ya mabati, itaingia leo b4 14:00. Ukiiona nibip, J5 ntacall
```

Kwangu ulikuwa ujumbe wa kawaida. Shangazi aliambulia neno "mabati". Akaenda dukani. Kijana akasoma, akamwambia ametumiwa laki tatu, akamwomba namba ya siri "ili nikusaidie kutoa", akamhesabia laki tatu. Tulivyozungumza, shangazi akanishukuru kwa laki tatu. Nikamwuliza iliyobaki iko wapi, naye ndipo akajua kwamba ilikuwepo iliyobaki.

Nilipiga simu huduma kwa wateja ya ile kampuni. Wakasema hawawezi kuzungumza na mimi kwa sababu laini si yangu, mwenye laini afike ofisini na kitambulisho. Shangazi akapanda daladala, akafika, akaambiwa muamala ulifanywa kwa namba ya siri sahihi, kwa hiyo kwao hakuna kosa. Kijana naye akasema alisoma vibaya na hela nyingine ni makato. Makato ya laki nne hayafiki laki moja popote. Lakini nani atathibitisha, wakati ujumbe wa muamala ulishafutwa kwenye simu?

Ujumbe uleule ningeuandika hivi:

```
Shikamoo shangazi.
Ni mimi mwanao wa Hamburg.
Nimetuma pesa za mabati.
Ni shilingi laki nne.
Zitaingia kwenye simu yako leo.
Nitakupigia leo saa mbili usiku.
```

Kila mstari una jambo moja. Kiasi kimeandikwa kwa maneno, kwa namna anayotaja mwenyewe anaponunua mabati. Sisi tumezoea "400k", lakini kwa mtu ambaye hakukua na k hiyo, pale kuna mia nne na herufi iliyopotea njia. J5 nayo iandike Jumatano. "Shkmo" ndiyo inaniudhi zaidi: unamwamkia mzee, halafu unambania irabu!

Saa ni mtego wa peke yake. Huku tunaishi na 14:00 na tunaiandika bila kufikiri. Kwa shangazi hiyo ni saa nane mchana. Ukiandika "saa 2" ni balaa zaidi, maana hajui unahesabu saa ya Kiswahili au ile ya kwenye kioo cha simu, na hujasema kama ni asubuhi au usiku. Andika "saa mbili usiku" kwa maneno, na iwe saa ya kwake. Hesabu ni juu yako: majira ya joto Ujerumani iko nyuma ya nyumbani kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili, na saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Usimwandikie mzee "saa za huku". Huku ni wapi?

Kuna sababu nyingine ya kuandika kifupi. Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu unabeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 153, na simu ya mpokeaji ndiyo hutakiwa kuviunga. Vikishindwa kuungwa, vinamfikia kama barua mbili, na pengine ya pili inatangulia. Mzee anaanza kusoma katikati ya sentensi. Huo wangu wa mistari sita una herufi 157, unaingia wote.

Sasa angalia hili. Simu nyingi za kisasa hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Ile iliyopinda haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za ujumbe, kwa hiyo mara nyingi ikiingia moja tu, nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Neno kama "ng’ombe" linatosha. Kikaragosi cha kucheka nacho hufanya vilevile, na kwenye kitochi pengine kitaonekana kama kiboksi kitupu. Kwenye iPhone ingia `Settings`, `General`, `Keyboard`, uzime `Smart Punctuation`.

Wenyeji wangu hawa wana kichekesho chao. Wajerumani wana namna rasmi ya uandishi waiitayo `Leichte Sprache`, lugha nyepesi, kwa watu wanaopata shida kusoma. Kanuni zake: sentensi fupi, jambo moja kwa sentensi, vifupisho viepukwe. Tovuti za ofisi za serikali kuu zinatakiwa ziwe na maelezo ya namna hiyo. Halafu fungua barua ya ofisi iliyokuja nyumbani kwako, uhesabu vifupisho kama "ggf." na "bzw." mpaka uchoke. Nami barua hizo niliwahi kumpelekea jirani anisomee, na jirani akajua deni langu la bima. Wanajua dawa, wanaiweka kabatini.

Sauti kwenye WhatsApp? Inafaa kwa salamu. Kwa pesa hapana, kwa sababu mzee ataifungulia palepale alipo, sauti imepandishwa mpaka mwisho, na kibaraza kizima kitasikia laki nne.

Na ninyi shangazi zetu, mama zetu wakubwa, tunawapenda, ila mtusikilize. Kijana mpole anayewaita bibi naye ni mtu wa kawaida. Asome akisoma, namba ya siri asipewe. Si ya kwake, si ya wakala, si ya mjukuu. Namba ya siri msimpe mtu! Nimelisema hili kwa shangazi mpaka ameanza kunijibu, "Basi, nimesikia, mimi si mtoto."

Kabla hajaenda kutoa, mpigie ile saa uliyoandika. Usimwulize "umeelewa?", kwa sababu atasema ndiyo, hakuna mzee wa kwetu atakayesema hapana. Mwulize, "Shangazi, nimekuandikia shilingi ngapi?" Akitaja laki nne, mwache aende. Akianza na "subiri nimwite huyu mtoto", mwambie kiasi kwa mdomo, kisha ujumbe unaofuata ufupishe zaidi.